Tabora waliasi, Bujumbura walipindua: tofauti ilikuwa wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Ujiji. Mwaka 2015 nilikuwa nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, nikashuhudia Warundi wakishushwa bandarini na watoto wao. Marehemu babu yangu alikuwa askari kambi ya Tabora mwaka 1964, na mpaka anafariki alisema wao hawakutaka kumpindua mtu, walidai mshahara. Kwa nini kwa wenzetu jeshi limepindua mara nyingi hivyo, na kwetu halijapindua? Ni bahati? Na babu alisema kweli?"

Marahaba mjukuu wa askari. Babu yako alisema kweli, ila wanaodai mshahara huku wameshika bunduki wanaweza kuiangusha serikali bila kukusudia. Januari ile ya 1964 tulikaribia sana. Bahati ilikuwepo kidogo, lakini kilichofanyika baada ya hapo hakikuwa bahati. Kilipangwa, kikatugharimu, na sehemu ya gharama yake watu hawapendi kuitaja. Nitaanzia Tabora kwa babu yako, kisha nivuke ziwa.

Jeshi alilotumikia babu yako liliitwa Tanganyika Rifles. Jina lilikuwa jipya, lakini jeshi lilikuwa lilelile la Keya, yaani vikosi vya mkoloni, lililobadilishwa kofia usiku wa uhuru. Lilikuwa na batalioni mbili, jumla ya watu karibu 2,000. Ya kwanza ilikaa Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako leo tunapaita Lugalo. Ya pili ilikaa Tabora, kambi ya Kalewa. Majina yote mawili, Colito na Kalewa, yalitokana na mapigano ya Vita Kuu ya Pili ambamo Keya walipigana kwa ajili ya Mwingereza, moja Ethiopia na jingine Burma. Miaka miwili baada ya uhuru, askari wetu bado walilala katika kambi zenye majina ya vita vya mwingine.

Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza. Vyeo vyote vya juu vilishikwa na Waingereza. Waafrika wenye nyota begani walikuwepo, lakini wachache, na aliyefika mbali alikuwa kapteni. Askari wa kawaida alipokea shilingi 105 kwa mwezi. Alikuwa ameona wenzake waliosoma naye darasa moja wakipanda vyeo serikalini kwa kasi baada ya 1961, yeye akiendelea kumpigia saluti bwana yuleyule. Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu Nyerere akatoa waraka kwamba ajira serikalini hazitapendelea tena Waafrika dhidi ya raia wa asili nyingine. Kwa mtu wa haki waraka ule ulikuwa sawa. Kwa sajini aliyekuwa akingojea Mwingereza aondoke ili naye apande, ulisomeka kama mlango unaofungwa.

Siku tano baadaye, tarehe 12, mapinduzi yakatokea Zanzibar. Yalifanywa na watu ambao wengi wao hawakuwa wanajeshi hata kidogo, na usultani ukaanguka kwa siku moja. Serikali ya Tanganyika ikapeleka kule polisi wapatao 300 kusaidia kutuliza mambo. Hao ndio walikuwa polisi wenye silaha wa kutegemewa mjini Dar es Salaam. Kwa hiyo katika wiki ambayo askari walikuwa wamejifunza kwamba serikali inaweza kuanguka, mji mkuu ulibaki bila mtu wa kuwazuia.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20, Colito wakaanza. Waliwakamata maafisa wao, wakawafungia kwenye chumba cha walinzi, wakaenda mjini na kushika Ikulu, redio, uwanja wa ndege na kituo cha simu. Brigedia Douglas aliponyoka. Nyerere na Kawawa wakafichwa. Aliyejitokeza kuzungumza na askari alikuwa Oscar Kambona, waziri aliyeshughulikia ulinzi. Madai yalikuwa mawili: Waingereza waondoke na mshahara uwe shilingi 260. Kambona akakubali kuwaondoa maafisa, wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Askari wakajichagulia mkuu wao mpya, Luteni Elisha Kavana, ambaye kwa taarifa zote hakuitafuta kazi hiyo. Mjini, maduka yakavunjwa na watu wakauawa.

Habari zikafika Tabora, na tarehe 21 Kalewa nao wakaasi. Hapa ndipo babu yako anapoingia, na hapa pia ndipo mambo yalipochukua mkondo tofauti na wa Colito. Kambini alikuwepo kapteni mmoja kijana, Mrisho Sarakikya, Mmeru aliyepata mafunzo Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi cha Uingereza. Askari walipowafukuza Waingereza walimtaka yeye awe mkuu wao. Akakubali, kisha akatumia ukuu huo kuwaambia warudishe silaha ghalani. Walimtii.

Kitendo hicho watu hukipita haraka wanaposimulia mwaka 1964, kwa sababu hakina milio ya risasi. Mimi naona ndicho chenye somo kubwa. Askari wa Tabora walikuwa wamekataa amri za mabwana zao, lakini hawakuwa wamekataa amri zote. Walimtafuta mtu wa kuwaamuru. Maasi ya askari wa chini yako hivyo mara nyingi: yanavunja ngazi ya juu, halafu yanahangaika kutafuta ngazi nyingine. Anayesimama katika nafasi hiyo wazi ndani ya saa chache za kwanza ndiye anayeamua kama kesho kutakuwa na mazungumzo kuhusu mshahara au tangazo la serikali mpya. Tabora alisimama afisa aliyeona kwamba kazi yake ni kuituliza kambi. Angesimama mwenye tamaa, simulizi ya babu yako ingekuwa nyingine kabisa, pengine na yeye mwenyewe asingepata nafasi ya kuisimulia.

Kupindua serikali ni kazi ya maafisa wa kati na wa juu: meja, luteni kanali, kanali, jenerali. Hao wanajua vikosi vingine viko wapi na nani anaviongoza. Wanaweza kumpigia simu mwenzao wa kambi ya mbali na kumwomba atulie. Wana wazo la nani awe waziri wa fedha keshokutwa. Koplo hana hayo yote. Tanganyika ya 1964 haikuwa na kanali Mwafrika hata mmoja. Hivyo lile lile lililowaudhi askari, yaani kukosekana kwa maafisa wao wenyewe, ndilo lililofanya washike Ikulu na redio wasijue wavifanyie nini. Hapo bahati ilikuwepo, sikatai.

Lakini bahati hiyo ilikuwa inaisha. Kadiri siku zilivyopita, serikali ilipata habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliokuwa na ugomvi wao na TANU, wameanza kuzungumza na askari. Hiyo ndiyo hatua ya hatari katika maasi yoyote: mwenye bunduki asiye na mpango anapokutana na mwenye mpango asiye na bunduki. Wiki hiyohiyo askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya nao walikuwa wameasi. Nyerere akafanya jambo lililomuuma kuliko yote katika utawala wake wa mwanzo: akamwomba Mwingereza aje. Alfajiri ya tarehe 25 makomando wa majini wakaruka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur wakatua Colito. Askari wachache waliuawa, wengine wakajisalimisha. Tabora walinyang'anywa silaha bila vita. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa. Mwezi uliofuata Nyerere akaitisha mkutano wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Dar es Salaam ili ulinzi wa Waingereza ubadilishwe na wa Waafrika wenzake, na kikosi cha Nigeria kikaja kushika zamu wakati sisi hatuna jeshi.

Ndiyo, hatukuwa na jeshi. Serikali ilivunja Tanganyika Rifles. Askari wengi walirudishwa makwao, na viongozi wa maasi wakashtakiwa. Sajini Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kuwa kinara wa Colito, alifungwa miaka 15. Wengi katika serikali waliona hukumu zile ni nyepesi, lakini kwa maoni yangu wepesi ule ulisaidia: hakuna kambi iliyobaki na mashujaa waliopigwa risasi wa kulipiziwa kisasi.

Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi, na Sarakikya, yule kapteni wa Tabora, ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza. Aliliongoza hadi 1974. Vijana walioandikishwa mwanzoni walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka uliotangulia. Walipokelewa kutoka kila pembe ya nchi, na vyeo vya uafisa vikafunguka. Mtu aliyekuwa sajini akiwa na uwezo aliona njia ya kupanda. Tawi la TANU likafunguliwa ndani ya kambi, askari akawa na kadi ya chama, na pembeni ya kamanda akakaa kamisaa wa siasa. Maafisa wakateuliwa kuwa wakuu wa wilaya na wa mikoa, wengine wabunge. Mafunzo hayakuachwa mikononi mwa nchi moja: Wachina walikuja, Wakanada walikuja, kila mmoja na sehemu yake, ili pasiwe na balozi mmoja anayewajua maafisa wetu kuliko sisi.

Ukitazama vizuri, mpango ule ulikuwa unajibu malalamiko ya Kalewa moja baada ya jingine. Askari alilalamika hana pa kupanda, akapewa ngazi. Alijiona yuko nje ya nchi mpya, akaingizwa ndani ya chama kilichoitawala. Hakuwa na mtu wa kumsikia isipokuwa bwana wa Kiingereza, akapata njia ya pili ya kupeleka manung'uniko. Njia hiyo ya pili ilikuwa pia njia ya kumchunguza, tusijidanganye. Kamisaa alisikiliza na pia aliripoti.

Gharama ndiyo hiyo. Kwa karibu miaka 30 jeshi letu lilikuwa chini ya raia, lakini lilikuwa chini ya raia wa chama kimoja. Uaminifu kwa nchi na uaminifu kwa chama vilifungwa fundo moja, na katika mfumo wa chama kimoja hakuna aliyelazimika kuuliza itakuwaje vikitengana. Wala mpango ule haukuzuia kila kitu. Mwanzoni mwa 1983, uchumi ukiwa hoi baada ya vita vya Kagera na maduka yakiwa matupu, serikali ilikamata maafisa wa jeshi na raia kwa njama ya kupindua, na mwaka 1985 baadhi yao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Safari hii walikuwa maafisa, si makoplo. Njama ilivuja kabla ya siku yake, na hivyo ndivyo njama nyingi zinavyokufa: ili ufanikiwe unahitaji watu wengi, na kila unayemwongeza ni mdomo mwingine.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, fundo lile likafunguliwa. Matawi ya chama yakaondolewa kambini. Leo Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa inamwachia haki ya kupiga kura. Ibara hiyohiyo inamzuia mtu au kikundi chochote, isipokuwa serikali, kuunda jeshi. Ibara inayofuata inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuteua viongozi wa majeshi. Bajeti ya ulinzi hupita bungeni na ina kamati yake. Kwenye karatasi ni safi. Wasiwasi wangu ni kwamba nyota nyingi hutoka kwenye kalamu moja, na bunge letu halina desturi ya kuuliza maswali magumu kuhusu jeshi. Isitoshe, bado tunawaona wanajeshi wakiteuliwa kuwa wakuu wa wilaya na mikoa. Wengine huliona jambo hilo kama nidhamu inayohamishiwa uraiani. Mimi naliona kama mazoea ya chama kimoja yaliyosahaulika kwenye kabati.

Sasa tuvuke ziwa. Burundi ilipata uhuru 1962. Kabla ya 1966 kuisha, kwa mwaka mmoja ule, mfalme alipinduliwa na mwanawe mwezi Julai, na mwana naye akapinduliwa na Kapteni Michel Micombero mwezi Novemba. Jean-Baptiste Bagaza akampindua Micombero 1976. Pierre Buyoya akampindua Bagaza 1987. Oktoba 1993 wanajeshi wakamuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza aliyechaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Mwaka 1996 Buyoya akarudi kwa mtutu.

Micombero, Bagaza na Buyoya wote walizaliwa Rutovu, tarafa moja ya mkoa wa Bururi. Marais watatu mfululizo, wote wanajeshi, wote wa tarafa moja! Hapo ndipo unapoona tofauti na Kalewa. Burundi jeshi halikuwa na shida ya kukosa maafisa wa kwao. Shida ilikuwa kwamba maafisa walitoka upande mmoja: Watutsi, na miongoni mwao hasa wa kusini. Kwa kundi lile jeshi halikuwa ajira tu, lilikuwa ndilo bima ya maisha. Wakiamini kwamba kuipoteza kambi ni kuuawa wao na watoto wao, hakuna katiba itakayowashawishi kuiachia kwa sababu ya kura. Hofu hiyo haikutungwa tu, na hofu ya Wahutu waliokuwa upande wa pili wa bunduki ilikuwa na sababu kubwa zaidi: mwaka 1972 utawala wa Micombero, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, uliua Wahutu wengi mno, hasa waliosoma. Walionusurika wakavuka. Ulyankulu, hapa mkoani Tabora, ilianza kama makazi yao. Wengi wa wazee wake na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania miaka zaidi ya 40 baadaye.

Kwa hiyo Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ambao Nyerere aliusimamia hadi kifo chake na Mandela akaumalizia, haukuishia kugawa vyeo vya serikali. Uligusa kambi yenyewe: katika jeshi kabila moja lisizidi nusu. Waliokuwa waasi msituni wakaingizwa jeshini wakalala bweni moja na waliokuwa wakipigana nao. Watu walicheka, wakasema litapasuka. Likadumu, na mtihani wake ukaja ile Mei uliyoishuhudia.

Tarehe 13 Mei 2015 Rais Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki. Kwao, maandamano dhidi ya muhula wake wa tatu yalikuwa yamedumu wiki kadhaa. Mchana ule Jenerali Godefroid Niyombare, aliyekuwa mkuu wa ujasusi hadi alipofutwa kazi mwezi Februari kwa kupinga muhula huo, akatangaza kupitia redio za binafsi kwamba rais ameondolewa. Akaamuru uwanja wa ndege ufungwe. Watu wakamiminika mitaani Bujumbura kushangilia, wakiwakumbatia askari. Ndege ya rais ikashindwa kutua, ikarudi Dar.

Kufikia hapo mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini angalia Niyombare alikosa nini. Alitangaza kwa redio za binafsi kwa sababu redio ya taifa hakuwa nayo. Usiku ule mnadhimu mkuu wa jeshi, Prime Niyongabo, akasema kupitia redio hiyo ya taifa kwamba jaribio limeshindwa. Hakuwa anaripoti matokeo, alikuwa anayatengeneza. Kamanda wa kikosi kilichoko mkoani, ambaye hajaamua, anasikiliza jambo moja tu: wenzangu wanaelekea wapi? Hakuna afisa anayetaka kubaki upande ulioshindwa, na wachache sana wanataka kuwapiga risasi wenzao. Wote wanangoja ishara. Ndiyo maana tarehe 14 mapigano makali kuliko yote yalikuwa kwenye jengo la redio ya taifa. Waliopindua walilishambulia, walinzi wakashikilia. Jioni ile jenerali wa pili kwao, Cyrille Ndayirukiye, akakiri kwamba wameshindwa. Kufikia tarehe 15 wengi wao walikuwa wamekamatwa, Niyombare mwenyewe ametoroka.

Na mchanganyiko ule wa Arusha ulifanya kazi yake kwa namna isiyotarajiwa. Hakukuwa tena na kundi moja la kijiji kimoja lenye uwezo wa kupeana ishara ya kimyakimya likaenda pamoja. Katika waliopindua na waliozuia walikuwemo Wahutu na Watutsi. Jeshi halikupasuka kwa kabila, na jaribio halikupata uzito wa kutosha.

Hapa lazima niwe mkweli kwako kuhusu matokeo, maana watu hudhani mapinduzi yakishindwa mambo hurudi yalivyokuwa. Warundi walikuwa wameanza kuvuka tangu Aprili, kabla ya Niyombare. Jaribio liliposhindwa, serikali ikapata sababu ya kumwita kila mpinzani mpinduzi. Redio binafsi zilizotangaza zikateketezwa. Waliokumbatiana na askari tarehe 13 wakaanza kutafutwa tarehe 16. Kagunga, kijiji kile cha mpakani kisicho na barabara ya kufika Kigoma, kikajaa makumi ya maelfu ya watu ufukoni kati ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingia. Liemba, meli ya Mjerumani iliyozeeka kuliko mpaka wenyewe, ndiyo iliyokuwa ikiwafuata, na kwa sababu haiwezi kutia nanga ufukoni walipelekwa kwa mitumbwi. Hao ndio uliowaona wakishuka, kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa hiyo Kigoma mlipokea matokeo ya mapinduzi ambayo hata hayakufanikiwa.

Umeuliza kuhusu bahati, nami nikupe njia ya kupima mwenyewe, kwa nchi yoyote. Usihesabu vifaru kwenye gwaride. Tazama jinsi vyeo vinavyopandishwa. Meja hodari akirukwa mara ya tatu na mpwa wa mkubwa, wenzake wote wa kozi moja wamehesabu. Tazama kama askari wa kambi ya mbali analipwa kwa wakati kama wa makao makuu. Tazama kama jeshi linaitwa kufanya kazi ya polisi siku za uchaguzi, maana jeshi likishazoea kuamua ugomvi wa wanasiasa, siku moja litajiuliza kwa nini linaamua kwa niaba ya mwingine. Na tazama kama kiongozi anabadilisha kanuni za kuondoka kwake: hapo anawapa maafisa hoja ambayo wasingeipata kwa njia nyingine.

Kitu kimoja ambacho watawala wengi hukiamini na kinawaangusha ni kikosi maalumu cha kumlinda rais, chenye silaha bora na posho nono kuliko jeshi lenyewe. Kwa nadharia kinazuia jeshi lisipindue, na kweli kinaweza kulichelewesha. Lakini Guinea mwaka 2021 aliyempindua Alpha Condé alikuwa Mamady Doumbouya, kamanda wa kikosi maalumu ambacho Condé mwenyewe alikiunda. Niger mwaka 2023 aliyemfungia rais ndani ya makazi yake alikuwa Abdourahamane Tchiani, mkuu wa walinzi wake. Mwezi uliofuata Gabon, Brice Oligui Nguema, mkuu wa walinzi wa jamhuri, akafanya vivyo hivyo. Mlinzi ndiye aliye karibu zaidi na mlango. Kumpa yeye peke yake funguo zote ni kuhamisha tatizo kutoka kambini hadi sebuleni. Nyerere baada ya 1964 alikuwa na kila sababu ya kujijengea ngome ya namna hiyo, lakini nguvu zake nyingi alizielekeza kwenye jeshi zima: nani anaingia, anapandaje, anamlalamikia nani. Ni njia ya polepole na inahitaji mtawala asiyeogopa maafisa wenye uwezo.

Kuhusu babu: alidai mshahara, na alikuwa na haki ya kuudai, kwa shilingi 105. Kama aliacha picha au kitabu chake cha utumishi wa Kalewa, mvitunze. Walioandika kuhusu wiki ile wengi waliangalia Colito, na sauti za askari wa kawaida wa Tabora ni chache mno kwenye kumbukumbu zetu.